Bilirubini ya mtoto mchanga: namba ipi inaamua taa, na ipi inatazama ini

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa diploma ya maabara, sasa hivi niko mazoezini hospitalini. Tulipokea damu ya mtoto wa saa 48, amezaliwa kwa wiki zake kamili. T-BIL, yaani bilirubini jumla, ilisoma 268 µmol/L, na D-BIL, ile ya moja kwa moja, 24. Mwenzangu akasema nitoe 24 kwenye 268, inabaki 244, na kwa kuwa mstari wa taa, yaani kiwango cha kumweka mtoto chini ya taa za kushusha bilirubini, kwenye chati yao ni 250, mtoto hahitaji taa. Tulirudia kipimo baada ya saa mbili, tyubu ilikuwa bado mezani karibu na dirisha, T-BIL ikawa 219. Ipi ni ya kweli? Na kwa nini bilirubini isiyo ya moja kwa moja haina kitendanishi chake? Halafu dada yangu ana mtoto wa wiki tatu, macho bado ni ya manjano, anaambiwa amwoteshe jua tu. Nimwambie nini?"

Marahaba. Naanza na mtoto wa wodini. Namba ya kufanyia kazi ni 268. Ile 244 haikupaswa kulinganishwa na chati, na ile 219 haikupaswa kutoka maabara. Mtoto huyo alistahili kuwekewa taa. Kama majibu yalikwenda wodini yakiwa na 244 au 219, zungumza leo na msimamizi wako, yeye ampigie daktari wa zamu. Mengine yote ninayoeleza hapa chini yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Sasa tuone kwa nini. Seli nyekundu za damu zinapozeeka huvunjwa, na ile sehemu ya hemoglobini inayobeba chuma hugeuzwa kuwa bilirubini. Bilirubini hiyo changa haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo husafiri ikiwa imeshikwa na albumini mpaka kwenye ini. Huko kimeng'enya kimoja huiunganisha na asidi ya glukuroniki, na baada ya hapo inayeyuka na kutoka kupitia nyongo. Mtoto mchanga ana seli nyekundu nyingi na zinaishi muda mfupi kuliko zetu, huku kimeng'enya hicho kikiwa bado kinafanya kazi kwa nguvu ndogo sana. Tena sehemu ya bilirubini iliyokwisha kufika utumbo hutenganishwa na kufyonzwa upya, hasa kama mtoto hanyonyi vya kutosha na hapati choo. Ndiyo maana watoto wengi hupata umanjano siku ya pili au ya tatu, na karibu bilirubini yao yote ni ile ambayo haijaunganishwa. Hiyo ndiyo inayoweza kuvuka na kuingia kwenye ubongo ikizidi kiasi ambacho albumini inaweza kushika.

Kwenye benchi, hatuzioni molekuli hizi. Tunaona rangi. Kitendanishi chetu ni asidi ya sulfaniliki iliyochanganywa na sodiamu naitraiti ndani ya asidi, mchanganyiko ambao mwanasayansi Mjerumani Ehrlich aliutumia tangu 1883 na ambao bado tunauita kitendanishi cha diazo. Diazo huishambulia bilirubini katikati, kwenye daraja linalounganisha nusu zake mbili, na vipande vinavyopatikana vina rangi inayopimika. Bilirubini iliyounganishwa iko wazi na imeyeyuka, kwa hiyo hushambuliwa mara moja. Isiyounganishwa imejikunja. Vifungo vya hidrojeni ndani yake vimelificha lile daraja, na juu ya hapo imeshikwa na albumini. Diazo huifikia polepole sana mpaka umwage kitu cha kuikunjua. Mwanzoni kitu hicho kilikuwa alkoholi. Mholanzi van den Bergh na mwenzake Müller waliripoti mwaka 1916 kwamba kuna bilirubini inayotoa rangi bila alkoholi, wakaiita ya moja kwa moja, na nyingine inayotoa rangi baada tu ya alkoholi kuongezwa, wakaiita isiyo ya moja kwa moja. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa tofauti ni asidi ya glukuroniki. Hilo lilijulikana miaka ya 1950. Mwaka 1938 Jendrassik na Gróf walileta mchanganyiko wa kafeini na benzoeti badala ya alkoholi, na mpaka leo kiti nyingi za vitendanishi tunazofungua maabara zinafuata njia yao au zimetokana nayo.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kitendanishi. Ukiweka diazo na kafeini, bilirubini zote mbili hutoa rangi, unapata jumla. Ukiweka diazo bila kafeini, inayotoa rangi kwa haraka ni ile ya moja kwa moja. Hakuna namna katika mfumo huu ya kuifanya isiyounganishwa itoe rangi huku iliyounganishwa ikitulia. Kwa hiyo bilirubini isiyo ya moja kwa moja haipimwi, inapatikana kwa kutoa:

```
isiyo ya moja kwa moja = T-BIL - D-BIL
```

Jambo la kukaa nalo ni kwamba namba iliyopatikana kwa kutoa hurithi makosa ya namba zote mbili zilizoizaa. Kama D-BIL imesoma juu kwa bahati mbaya, ile inayobaki imeshuka bila sababu yoyote iliyoko mwilini mwa mtoto.

Na D-BIL husoma juu kwa urahisi kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Nilisema isiyounganishwa hushambuliwa polepole, sikusema haishambuliwi. Kila dakika inayopita bila kafeini, kidogo yake hujikunjua na kutoa rangi. Ndiyo maana karatasi ya maelekezo ya kiti inakuambia usome D-BIL kwa dakika fulani kamili baada ya kuweka diazo, kiti nyingine dakika 5, nyingine 10. Hiyo dakika si pendekezo. Ukiwa na trei ya sampuli nane unafanya kwa mkono, ukaweka diazo kwa zote kwa mkupuo kisha ukaanza kusoma moja baada ya nyingine, ya nane itakuwa imekaa muda mrefu kuliko ya kwanza, na D-BIL yake itapanda hata kama watoto wale wawili wanafanana. Weka diazo kwa kupishana kwa sekunde zile zile utakazopishana wakati wa kusoma. Kwa mtoto ambaye jumla yake ni 268, asilimia chache tu za isiyounganishwa zikiwahi kutoa rangi zinatosha kukupa D-BIL ya 15 au 20 ambayo haina maana yoyote kuhusu ini lake.

Kosa jingine la karibu sana na hilo ni blanki. Seramu ya mtoto mwenye umanjano ina rangi yake kabla hujaigusa, na ikiwa seli zimepasuka ina wekundu juu yake. Kila sampuli inahitaji blanki yake yenyewe, yaani sampuli ileile pamoja na asidi ya sulfaniliki bila naitraiti. Nimekuta watu wanatumia blanki moja ya maji kwa trei nzima ili kuokoa seramu, kwa sababu damu ya mtoto mchanga ni kidogo. Naielewa sababu, lakini matokeo yake ni kwamba umanjano wenyewe wa seramu unahesabiwa kana kwamba ni rangi ya mmenyuko. Na naitraiti ukishaiyeyusha haikai. Mchanganyiko wa diazo uliotengenezwa jana hutoa rangi hafifu, na namba zote zinashuka pamoja. Dalili yake ni sampuli ya udhibiti ubora kushuka pia. Ikishuka, usirudie mgonjwa, tengeneza diazo mpya kwanza.

Sasa turudi kwenye 244. Mwenzako alikuwa na hoja inayosikika vizuri: kinachodhuru ubongo ni isiyounganishwa, basi tuilinganishe hiyo na chati. Tatizo ni kwamba chati haikutengenezwa kwa namba hiyo. Mistari ya taa na ya kubadilisha damu katika miongozo inayotumika ulimwenguni, ule wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, na ule wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, imewekwa kwa bilirubini jumla, na yote miwili inasema wazi usitoe ya moja kwa moja. Ukitoa, unachukua namba ndogo na kuipeleka kwenye mstari uliochorwa kwa namba kubwa. Ni sawa na kumpima mtu akiwa amevua nguo kisha ukatumia jedwali la waliovaa. Na unachokitoa chenyewe, kama nilivyoeleza, ni kipimo kinachoyumba kati ya maabara na maabara, hata kati ya trei na trei. Kuna hali moja tu ya kusimama na kufikiri upya: D-BIL ikifika nusu ya jumla au zaidi. Hapo mtoto ana jambo tofauti kabisa na umanjano wa kawaida, na uamuzi wa taa ni wa daktari bingwa wa watoto, si wa kutoa na kujumlisha maabara.

Kwa hiyo tusome mfano wako kama unavyopaswa kusomwa. Mtoto alizaliwa kwa mimba ya wiki 38 au zaidi na ana saa 48. Katika jedwali la NICE mstari wa taa kwa saa hiyo ni 250 µmol/L, na wa kubadilisha damu ni 450. Jumla yake ni 268. Amevuka mstari wa kwanza, yuko mbali na wa pili. Anaanza taa, anaendelea kunyonya, na bilirubini inarudiwa saa 4 hadi 6 baada ya taa kuwashwa ili kuona inapanda, imetulia au inashuka. Ni uamuzi mwepesi kabisa, mradi namba iwe sahihi na saa za mtoto ziwe zimeandikwa.

Hizo saa naomba uzikazie macho. Mstari ni 200 kwa mtoto huyohuyo akiwa na saa 24, na ni 300 akiwa na saa 72. Fomu iliyoandikwa "siku 2" inaweza kumaanisha saa 30 au saa 65. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana mistari ya chini zaidi. Kwa mfano wa wiki 34, akishafika saa 72 mstari wake ni 240. Ukipokea fomu isiyo na saa ya kuzaliwa, saa ya kutolewa damu na wiki za mimba, inua simu uulize. Kazi ya maabara haiishii kwenye spektrofotomita. Kama hospitali yako inatumia chati nyingine, tumia hiyo yao, kwa sababu nchi na hospitali huweka mistari yake, lakini muulize msimamizi kama ni chati ya jumla. Karibu zote ni za jumla. Na angalia kipimio: kuna vitabu na mashine zinazotoa miligramu kwa desilita. Kupata µmol/L unazidisha kwa 17.1, kwa hiyo 268 yako ni takriban 15.7 mg/dL.

Tuje kwenye 219. Hapa hapakuwa na tatizo la kemia ya kitendanishi, palikuwa na dirisha. Mwanga huigeuza bilirubini. Unaigeuza umbo lake na sehemu nyingine unaivunja, na maumbo hayo mapya huyeyuka kwenye maji na kutoka mwilini bila kusubiri ini. Hivyo ndivyo taa za bluu zinavyomtibu mtoto. Ndani ya tyubu iliyoachwa mezani karibu na dirisha mwanga hufanya kazi ileile, isipokuwa anayepata nafuu ni tyubu, mtoto yuko wodini na bilirubini yake inazidi kupanda. Kwenye jua lenyewe sampuli inaweza kupoteza hata nusu ya bilirubini ndani ya saa moja. Kivulini karibu na dirisha inapoteza kidogo kidogo, na 268 kushuka mpaka 219 kwa saa mbili hakunishangazi hata kidogo.

Angalia ilivyotokea: makosa mawili yasiyohusiana, kutoa hesabu na kuacha tyubu mwangani, yote mawili yalimsukuma mtoto upande uleule wa mstari, upande wa "hahitaji taa". Namba ya uongo iliyo juu humletea mtoto taa asiyoihitaji kwa nusu siku. Ya uongo iliyo chini humwacha mtoto na bilirubini inayopanda usiku kucha. Kwa hiyo ukiwa na majibu mawili yanayopishana hivi, usichukue wastani wake, na usichague lililo rudiwa kwa kuwa ni la mwisho. Uliza kila tyubu ilikaa wapi. Iliyopimwa kwanza, mapema, ndiyo ya kuaminiwa, na kama bado una shaka omba damu mpya huku daktari akiwa ameshaambiwa ile namba ya juu.

Kuizuia ni kazi rahisi. Tyubu ya kapilari au ya kawaida inafungwa kwa foili tangu kando ya kitanda cha mtoto, isingojee kufika maabara. Ikiwa mtoto tayari yuko chini ya taa, taa zinazimwa wakati damu inatolewa. Tyubu inazungushwa mapema kwenye sentrifuji, na seramu isiyopimwa papo hapo inarudi gizani, kwenye friji. Bilirubini iliyofichwa mwanga na kupozwa hukaa vizuri kwa siku kadhaa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa sampuli ya usiku kama imefungwa. Hata sampuli zenu za udhibiti ubora ziangalie. Chupa ikishinda mezani wazi nayo hushuka, na mtu anaweza kurekebisha mashine nzima kumbe kosa ni chupa.

Nikuongezee moja ambalo hukuliuliza lakini utakutana nalo kesho: damu ya kisigino. Mtoto mchanga huchomwa pembeni mwa kisigino, na mhudumu mwenye haraka huminya. Kuminya kunapasua seli, na hemoglobini iliyomwagika huingilia mmenyuko wa diazo, mara nyingi ikishusha namba, na D-BIL ndiyo inayoumia zaidi. Pasha kisigino joto kwa kitambaa cha uvuguvugu, choma, futa tone la kwanza, acha lijae lenyewe. Seramu ikiwa nyekundu kama juisi ya rosela, usiitoe D-BIL yake. Andika kwamba seli zimepasuka, uombe damu nyingine. Lakini kama jumla imesomeka juu ya mstari hata katika sampuli mbaya, mjulishe daktari palepale, kwa kuwa kosa hilo huwa linaelekea kuificha bilirubini.

Vilevile usije ukaridhika na macho. Wapo wanaokadiria kwa kuangalia manjano yamefika wapi mwilini, usoni, kifuani, hadi nyayoni. Kwenye ngozi nyeusi njia hiyo inadanganya sana. Bora ubonyeze ngozi kwa kidole, uangalie fizi na weupe wa macho mchana kwenye mwanga mzuri, na ukiona manjano, upime. Kuna vifaa vya kuweka juu ya paji la uso au kifua vinavyosoma bilirubini kwenye ngozi bila kutoboa. Ni vizuri kwa kuchuja watoto, hasa waliofika wiki 35 na kupita saa 24, ila namba yake ikikaribia mstari au kuvuka 250, damu lazima ipimwe. Na mtoto aliyekwisha anza taa asipimwe kwa kifaa hicho, kwa sababu ngozi imeshasafishwa na mwanga kuliko damu.

Sasa ile 24 ya D-BIL tuifanyie nini? Kwa mtoto wa saa 48 mwenye jumla ya 268, naisoma kwa tahadhari. Mwongozo wa Marekani unaanza kutilia shaka ikizidi 1.0 mg/dL, yaani 17 µmol/L, na ule wa Uingereza ikizidi 25. Kwa hiyo yako imekaa katikati, na sehemu yake huenda ni isiyounganishwa iliyowahi kutoa rangi. Haibadilishi uamuzi wa leo wa taa. Lakini isitupwe. Iandikwe kwenye faili, mama aulizwe rangi ya choo cha mtoto, na D-BIL irudiwe baada ya siku kadhaa kwa damu safi, jumla ikiwa imeshashuka. Kama ilikuwa ni kelele za kipimo, itashuka pamoja na jumla. Ikibaki palepale au ikapanda huku jumla inashuka, sasa ini linasema jambo.

Na hapa ndipo ninapotaka kumzungumzia mtoto wa dada yako, kwa sababu kwake D-BIL ndiyo yenye neno. Mtoto aliyezaliwa kwa wiki kamili akiwa bado na umanjano baada ya siku 14, au wa kabla ya wakati baada ya siku 21, anahitaji kupimwa damu, si jumla peke yake bali na ya moja kwa moja. Mtoto wa wiki tatu ambaye jumla yake ni 150 na D-BIL ni 9 pengine ana umanjano wa maziwa ya mama, ambao huisha wenyewe huku akiendelea kunyonya. Mwingine wa umri huohuo, jumla 150 ileile, D-BIL ikiwa 90, ana nyongo isiyotoka kwenye ini. Kwa kuwatazama macho watafanana. Wote wawili wanaweza kuwa wananyonya na kuongezeka uzito. Huyu wa pili anaweza kuwa na mirija ya nyongo iliyoziba, ugonjwa unaohitaji upasuaji uitwao wa Kasai, na upasuaji huo hufaulu zaidi ukifanywa mapema, inapowezekana kabla mtoto hajafikisha siku 60. Mtoto aliyekwisha fikisha siku 21 ameshatumia theluthi moja ya muda huo.

Jua halitamsaidia huyo wa pili hata kidogo. Mwanga hugeuza isiyounganishwa. Nyongo iliyoziba inahitaji njia ya kutokea. Hata kwa mtoto wa siku mbili, jua la asubuhi si tiba. Kipimo chake hakijulikani, mtoto huvuliwa nguo akapoa au huachwa juani akaungua na kupungukiwa maji, na familia hudhani anatibiwa huku bilirubini ikipanda. Maji ya glukosi na maji ya dawa za miti shamba navyo hujaza tumbo bila kuongeza choo kama maziwa ya mama yanavyofanya.

Mwambie dada yako leo afungue nepi na kuangalia choo mchana. Choo cha mtoto anayenyonya kinatakiwa kuwa cha njano ya haradali au kijani. Kikiwa cheupe kama chokaa, au kijivu, au cha rangi ya udongo uliopauka, au mkojo unaiacha nepi na doa la njano iliyokolea, aende hospitali siku hiyohiyo, na apige picha ya nepi akamwonyeshe daktari. Choo kikiwa cha rangi nzuri bado aende wiki hii hii, akaombe bilirubini jumla na ya moja kwa moja. Asikubali kurudishwa na T-BIL peke yake. Wewe ni wa maabara, msaidie kuliandika hilo kwenye kikaratasi aende nalo. Akiulizwa, aseme pia kama kuna mtu kwenu aliyewahi kuwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu zisipasuke, kama mtoto aliwahi kuwekwa taa, na kundi la damu la mama kama analijua.

Kuna watoto ambao hawasubiri wiki wala kesho. Aliyeanza kuwa wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, mara nyingi seli zake zinapasuliwa kwa kasi, labda damu yake haikupatana na ya mama. Mwingine ni anayelala mpaka haamki kunyonya, amelegea kama kitambaa au anajikaza na kujipinda mgongo kwa nyuma, analia kwa sauti nyembamba kali isiyo ya kawaida yake, au ana homa. Hizo ni dalili kwamba bilirubini inagusa ubongo au kuna maambukizi, na zinapokuja pamoja na umanjano huwa hakuna kipimo cha kungojea nyumbani. Ni hospitali yenye taa na uwezo wa kubadilisha damu, usiku ule ule, mtoto akinyonyeshwa njiani kama bado anaweza kunyonya. Na wewe ukiwa zamu na sampuli ya mtoto wa aina hiyo ikaingia, ifunge foili kama haikufungwa, ipime ya kwanza kabla ya trei nyingine yoyote, na upige simu na namba ya jumla kabla hujamaliza kuhesabu D-BIL.